Barua kwa Atuganile kabla hajashika poda

Tukuyu,
3 Desemba 2024

Mwanangu Atuganile,

Hatujambo huku. Mvua ni ile ile unayoijua, nguo hazikauki, na kifua cha baba yako kimetulia. Nimeona nikuandikie maana juzi kwenye simu wateja wa mama yako mdogo walikuwa wanacheka hapo saluni, na wewe ulikuwa unaitikia tu "ndiyo mama, ndiyo mama" ili nikate.

Umeomba upakwe mekapu kwenye sendofu ya dada yako Tumpe. Nimekubali. Umeshamaliza kidato cha nne na umri unaruhusu. Poda, wanja, na rangi ya mdomo isiyopiga kelele. Kope za kubandika hapana. Nyusi nazo usikubali zinyolewe, umezirithi kwa bibi yako, na ukoo mzima haujawahi kuzilalamikia.

Kilichoninyima usingizi ni ulichoongeza mwishoni: "Bila mekapu nitatia aibu kwenye picha." Ungesema unataka kupendeza, nisingeandika hata mstari mmoja. Nani hataki kupendeza? Mimi mwenyewe nimeshatoa kitenge kwa fundi. Lakini aibu, mwanangu, umeitoa wapi?

Nadhani najua. Kwenye msiba wa babu yako kuna mama alikutazama ukipita na sinia la ugali, akasema kwa sauti, "Sura anayo, angekuwa mweupe kidogo tu." Ulitabasamu ukaenda kuosha vyombo, na masufuria siku ile uliyasugua mpaka basi. Nilimfuata baadaye nikamwambia yangu. Mpaka leo salamu yetu ni ya mkato, na sijutii.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo huenda wewe umeshalisahau. Siku ile kwenye banda la kupimia majani ya chai, mizani ilisoma kilo 23 na karani akaandika 18. Watu wazima tulikuwepo, kila mmoja na gunia lake, tumechoka, tunataka kurudi nyumbani. Wewe ukasogea ukasema, "Samahani kaka, naomba tupime tena." Akakuuliza kama umekuja kumfundisha kazi. Hukumjibu. Ulisimama pale pale umeshika kitabu chetu mpaka akapima upya na kurekebisha. Bibi aliyekuwa nyuma yetu naye akaomba kitabu chake kiangaliwe. Jioni nilimsimulia baba yako hadi chai ikapoa, na sikumgusia sura yako hata kidogo. Ulikuwa na sweta la shule lililotoboka kiwiko na matope mpaka magotini. Huyo ndiye mtoto ninayemfahamu. Hakuna poda ya kumwongeza wala ya kumpunguza.

Hapo saluni una bahati ya kuona mengi, kwa hiyo angalia vizuri. Wapo wanaojiremba wakicheka, wakimaliza wanaenda zao. Wapo pia wasioweza kutoka hata gengeni kununua nyanya kabla ya kujipaka, na mteja mwenzao akiingia ghafla wanafunika uso kwa khanga. Sitaki ufike huko. Ndiyo maana nina sharti moja: kabla ya sendofu, nenda Mwanjelwa sokoni na kanisani Jumapili na uso wako ulivyo, mafuta ya mgando tu kwa ajili ya baridi. Piga picha, bila filta, unitumie. Nataka niichapishe niiweke sebuleni pamoja na hiyo ya mekapu, zote mbili.

Kuhusu mkorogo sina mjadala. Najua utaletewa, tena na mtu anayekupenda, kwenye kikopo kisicho na lebo, akwambie ni cha "kung'arisha" tu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na si kwa kutuonea. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo. Haidrokwinoni mtu akiitumia muda mrefu humwachia mabaka meusi usoni, kule kule alikokuwa anatafuta weupe. Kama kopo halina orodha ya vilivyomo, liache. Mama yako mdogo nimeshazungumza naye, kwa hiyo usidhani nakusema kwa siri.

Na wanja uwe wako mwenyewe, usichangie kalamu na wateja, macho huambukizana. Usiku osha uso wote kabla ya kulala, hata ukiwa umechoka vipi.

Sendofu ni Jumamosi tarehe 21. Panda gari la asubuhi siku ya Ijumaa, maana kuna mikungu ya ndizi ya kumenya na shangazi zako wameshaanza kuuliza nani atasimamia jiko. Kapu hili la parachichi mpe mama yako mdogo nusu, na kapu lenyewe umrudishie dereva.

Ni mimi mama yako,
Mama Atu