Daftari la sukari la mama, mwezi wa 8, kwa ajili ya kliniki ya Jumatano tarehe 3

Dokta na masista wa kliniki ya sukari, shikamooni. Mimi ni binti wa mgonjwa wenu wa Jumatano, jina lake na namba ya kadi vinaonekana picha ya kwanza, ile ya jalada la daftari. Mimi niko Dar, yeye yuko nyumbani Muheza na mjukuu wake wa fom tu, ndo huyo aliyepiga picha kurasa zote 6 akanitumia wasap. Nawaandikia kwa sababu najua Jumatano foleni inakuwaje, na mwandiko wa mama mnaujua wenyewe, nikaona bora nisome kila mstari kwa nafasi halafu niwape kilichomo.

Kwanza la haraka kabla hamjafungua picha: usiku wa kuamkia jana, Jumapili tarehe 31, saa nane usiku, sukari ilishuka mpaka 2.8. Jana hiyohiyo nilimpigia sista wa zamu akasema sindano ya jioni irudi 12 mpaka mumuone, na jana jioni kajichoma 12. Kwa nini nasema irudi, nafika hapo chini, na ndo sababu hasa ya barua hii.

Dawa zake kama mlivyoandika kwenye kadi: insulini ya mchanganyiko 30/70, asubuhi yuniti 20, jioni 12, na metifomini ya 500 asubuhi na jioni. Mlimwambia apime mara mbili kwa siku, asubuhi kabla hajala na jioni kabla hajala. Mwezi una siku 31 kwa hiyo zilitakiwa namba 62. Za kweli nimezipata 37, asubuhi 20 na jioni 17. Zilizokosekana ni 25. Naomba msichukulie kwamba sehemu iliyo wazi ni siku nzuri, nyingine ndo zilikuwa mbaya kuliko zote.

Namba zenyewe ni hizi, zote mmol/L, ya kwanza asubuhi ya pili jioni:

Tarehe 1: 7.8 na 9.6
2: 8.1 na 10.4
3: 6.9 na 8.8
4: 7.2, jioni hakuna
5: 3.4 na 12.9
6: 8.4 na 9.1
7: 7.5 na 9.9
8: 7.9 na 13.6 (Nanenane, kulikuwa na pilau, kaandika mwenyewe pembeni "pilau" kama mtu anayeungama)
9 mpaka 12: hakuna kitu
13: 14.8 na 18.3
14: 15.9 na 17.2
15: 16.1 na 21.4
16 mpaka 18: zipo ila msizihesabu, naeleza
19: 13.2 na 10.8
20: 8.6 na 9.4
21: 7.1, jioni hakuna
22 mpaka 25: hakuna kitu
26: 8.0 na 9.7
27: 6.6 na 7.4
28: 3.1 na 11.8
29: 6.2, jioni hakuna
30: 5.4 na 8.3
31: saa nane usiku 2.8, baada ya dakika 15 ikawa 4.6, asubuhi 9.2, jioni 10.1

Kuhusu kusoma mwandiko. Moja ya mama ina pua ndefu, ukiiangalia haraka ni saba. Jioni ya tarehe 14 sikujua kama ni 11.2 au 17.2, na picha yenyewe fleshi imepiga palepale pembeni ikaunguza nusu ya namba. Nikamwambia mjukuu afungue memori ya mashine asome moja moja nikiwa kwenye simu. Saa ya mashine haiko sawa, tangu wabadilishe betri inaonyesha tarehe za ajabu za mwezi wa kwanza, kwa hiyo tarehe zake msizitegemee ila mpangilio uko sawa, tulianza na ya mwisho tukarudi nyuma. Ni 17.2. Kwa hiyo namba zote 37, pamoja na zile mbili za usiku, nimezilinganisha na mashine na zinakubaliana.

Ila tarehe 16, 17 na 18 mashine haina. Kwenye daftari kuna 7.0, 7.0, 7.0, wino mmoja, zimepangana vizuri kama shanga, wakati siku nyingine zote mwandiko unapanda na kushuka. Nilimuuliza mama taratibu. Akacheka kwanza, halafu akasema alikuwa amezoea namba nzuri, alivyoona 21 akaogopa kupima, siku tatu hakugusa mashine, halafu akajaza ili daktari asigombe. Nimezitoa. Tafadhalini msimgombeze mbele za watu, ataacha kuandika kabisa na mimi huku nitakuwa kipofu.

Sasa hizo za juu. Zilizozidi 14 ni sita na zote ziko siku tatu, tarehe 13 mpaka 15. Kabla yake zinacheza 7 na 8 asubuhi, 9 na kitu jioni. Kilichotokea katikati ni msiba. Tarehe 9 alienda Pangani kwa msiba wa shangazi yake, akakaa mpaka 12, mashine akaisahau nyumbani ila insulini alienda nayo na anasema sindano hakuruka hata moja. Shida ni kwamba nyumbani kichupa anakiweka kwenye chungu cha udongo chenye kitambaa kibichi, lakini safari hii kilikaa kwenye mkoba, na mkoba ulishinda ndani ya Noa iliyopaki juani siku ya mazishi, vioo juu. Kichupa hichohicho ndo akaendelea kukitumia aliporudi. Nilimwomba mjukuu anipigie picha (picha ya 7, siyo ya daftari), mtaona ile dawa hata ukiiviringisha mkononi haichanganyiki, kuna vipande vyeupe vimeganda ukutani kwa ndani. Kichupa kipya alinunua tarehe 18 akaanza nacho 19 asubuhi. Siku hiyo asubuhi bado 13.2, jioni 10.8, kesho yake 8.6. Mimi siyo daktari, lakini mlolongo ndo huo. Na siku zile za juu alikuwa anaamka kukojoa mara nne tano usiku na kiu hakiishi, hilo hakuandika, kaniambia kwa mdomo. Homa wala kidonda hana, nilimuuliza.

Na hapa ndo penye jambo lenyewe. Ukurasa wa nne, pembeni kabisa karibu na kamba ya daftari, safu ya sindano ya jioni. Mpaka tarehe 14 ni 12, 12, 12. Tarehe 15 ile 2 imefutwa juu yake pameandikwa 6, yaani 16. Baada ya hapo hakuandika tena dozi, kaweka vialama vya tiki tu mpaka mwisho wa mwezi, ndo maana mimi mwenyewe kwenye picha nilipita mara mbili bila kuona. Nilipomuuliza akasema jirani ambaye naye ana sukari alimwambia yeye ikizidi 20 huwa anaongeza nne, naye akaongeza nne, na sukari iliposhuka akaona dawa imemkubali, akabaki na 16. Kwa hiyo aliongeza dozi wakati dawa imeharibika, halafu kikaja kichupa kizima dozi ikabaki ileile ya juu. Zile siku nne za 22 mpaka 25 ambazo tungeona inavyoshuka pole pole, stripu zilikuwa zimeisha. Boksi liliisha tarehe 21 asubuhi na hela ya kununua jingine nilikuwa sijatuma, hilo ni langu. Hatujui siku hizo kulikuwa na nini. Anakumbuka alfajiri moja aliamka shuka limeloa jasho na moyo unakimbia, akanywa chai ya sukari akalala, ila tarehe haikumbuki.

Za kushuka chini ya 4 ni tatu. Ya tarehe 5 asubuhi, 3.4, ilikuwa bado yuko kwenye 12, ila jioni iliyotangulia, ya tarehe 4, alijichoma, akala nusu kikombe cha uji, akasali isha akalala, wala hakupima. Mikono ilitetemeka, akanywa soda nzima na maandazi mawili, nafikiri ndo hiyo 12.9 ya jioni. Ya tarehe 28 asubuhi, 3.1, jioni iliyotangulia alikuwa 7.4 akajichoma 16 na wali akaula nusu. Na ya juzi usiku, 8.3 kabla ya kula, 16 tena, akala ndizi mbili za kuchemsha. Mjukuu aliamshwa na sauti, bibi anaongea maneno hayaeleweki, anamwita kwa jina la mama yake mdogo. Akampima, 2.8, akamkorogea vijiko vitatu vya glukosi kwenye maji, alikuwa anaweza kumeza mwenyewe, wakasubiri robo saa, 4.6, akampa mkate na chai. Mtoto wa miaka 15 huyo. Alinipigia saa tisa usiku analia.

Ninachoomba Jumatano. Dozi ya jioni muiseme ninyi, na kama zile za tarehe 13 mpaka 15 zinawafanya mtake kuongeza, naomba kwanza muangalie kichupa. Mumwambie pia siku ambayo hana hamu ya kula afanyeje na sindano, maana kila akishuka ni jioni ambayo hakula vizuri, na yeye anaamini kuruka sindano ni dhambi. Na kama kuna kipimo cha sukari ya miezi mitatu mtampima, mkumbuke kwenye hiyo miezi kuna hizi siku za kichupa kibovu.

Atakuja na mjukuu, nimemwombea ruhusa shuleni. Watabeba daftari lenyewe, mashine, kile kichupa cha zamani na kipya. Stripu nimetuma hela Jumatatu iliyopita, boksi la 50, zipo. Mkitaka kuniuliza nitakuwa na simu mkononi kuanzia saa mbili asubuhi, namba anayo mjukuu. Mama akisema "niko salama tu, namshukuru Mungu", muulizeni tena mara ya pili.

Asanteni sana, pole na kazi.