Hatua za kotesheni na ratiba ya ufuatiliaji, ofisi ya Dodoma

Utaratibu huu unaanza Jumatatu kwa kotesheni zote za nyumba, uzio na ukarabati. Kazi inapanda hatua kwa jambo alilofanya mteja. "Amesema atatupa" haihamishi kitu.

Ulizo. Tuna jina, simu, kiwanja kilipo, aina ya kazi na jina la atakayelipa. Swali la mlipaji lisirukwe, maana anayepiga mara nyingi ni ndugu aliyetumwa kukusanya bei. Apigiwe siku hiyo hiyo.

Saiti. Vipimo vimechukuliwa na ramani imeonekana. Andika pia njia ya lori, maji yanapotoka na aina ya udongo: ule mweusi unaopasuka kiangazi unabadilisha msingi, na bei pamoja nao. Bei ya kutaja kwenye simu hairuhusiwi, kwa kuwa mteja huishika hiyo hiyo hadi mwisho.

Kotesheni. Itoke ndani ya siku 3 za kazi baada ya saiti, ionyeshe kama VAT ya 18% imo au haimo, na idumu siku 14 tu. Nondo na saruji hupanda bila kutuuliza. Ufuatiliaji:

- Siku ya 1: simu, kuhakikisha ameipata na ameifungua.
- Siku ya 4: kupitia naye vipengele, hasa msingi na paa.
- Siku ya 9: ujumbe wenye picha ya kazi inayofanana na yake.
- Siku ya 13: kumkumbusha kuwa bei inaisha kesho.

"Vipi bosi, umefikia wapi?" si ufuatiliaji. Mteja akiizoea, haipokei tena.

Majadiliano. Ameomba badiliko, kwa maneno au maandishi. Asipite siku 2 bila jibu. Akitaka punguzo, ondoa kazi (geti, plasta ya nje, sakafu ya vigae) na umtumie kotesheni mpya yenye namba yake. Ukikata jumla peke yake, umemwambia ya kwanza ilikuwa imepandishwa.

Imepatikana. Mkataba umesainiwa na 30% imeingia benki. Kabla ya hapo fundi haendi saiti, hata kuchimba.

Imelala. Siku 14 zimepita kimya. Ujumbe mmoja kwa mwezi, miezi 3. Akirudi, bei zinapigwa upya.

Imepotea. Iandikwe sababu: bei, muda, au hana fedha. "Hajapokea simu" si sababu, hiyo bado imelala.

Kila Jumatatu saa 2 asubuhi tunapitia daftari kwa dakika 20. Kila mstari uwe na hatua, kiasi, jambo linalofuata, tarehe na mhusika.

Zilizopo sasa:

- Uzio wa Nala, mita 120, Sh 11,400,000: Kotesheni, siku ya 9, picha zitumwe leo.
- Nyumba ya Iyumbu, vyumba 3, Sh 68,000,000: Majadiliano; anataka vigae viondolewe, kotesheni mpya kufikia Jumatano.
- Paa la duka, Kizota: Ulizo, mlipaji hajulikani, saiti isipangwe.
- Ukarabati wa Area D, Sh 24,000,000: Imelala tangu wiki iliyopita.