Dini ni nini: tuangalie kiini au kazi?

Miaka michache iliyopita nilikaa siku tatu msibani, kijijini nje kidogo ya Tukuyu. Mchungaji wa Kimoraviani alihubiri, kwaya ikaimba, marehemu akazikwa kando ya migomba ya baba yake. Kesho yake mchungaji hakuwepo. Wazee wa ukoo waliingia ndani na wanandugu, wakasema na marehemu na waliomtangulia, huku pombe kidogo ikimiminwa chini. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akichochea moto kama hiyo nayo ni dini. Akacheka. "Hapana mwalimu, dini ilikuwa jana. Hii ni mila."

Jibu lake lina fasili nzima ndani yake. Neno "dini" tulilipata kutoka Kiarabu, na huku kwetu limezoea kubeba vitu fulani: kitabu, jengo, siku ya kukutana, kiongozi mwenye cheo. Kinachokosa hivyo tunakiita mila, au tukiwa wakali zaidi, ushirikina. Kwa hiyo wewe unayeanza somo hili hapa Iringa umekuja na fasili mfukoni, hata kama hukuwahi kuiandika. Wataalamu nao wana zao, na wamegawanyika katika kambi mbili kubwa. Kambi moja huuliza dini ni kitu cha namna gani, yaani ina nini ndani yake. Nyingine huuliza dini inafanya nini kwa watu. Nitaziita fasili ya kiini na fasili ya kazi. Vitabuni mtakutana pia na neno "uamilifu" kwa hii ya pili.

Fasili ya kiini iliyo fupi kuliko zote ni ya Mwingereza Edward Tylor, ya mwaka 1871: dini ni imani katika viumbe wa kiroho. Melford Spiro aliirekebisha mwaka 1966. Kwake dini ni taasisi ya watu kuhusiana, kwa taratibu za utamaduni wao, na viumbe wenye uwezo kupita binadamu ambao utamaduni huohuo unasema wapo. Uzuri wa fasili hizi ni kwamba zina mpaka. Ukipeleka ya Tylor kwenye ule msiba, inahesabu siku zote mbili kuwa dini, bila kujali mama anaziitaje. Haikubali mnara wala kitabu viwe tiketi ya kuingilia. Kwa nchi ambayo tambiko limedharauliwa kwa vizazi, hilo si jambo dogo. Tena inakuruhusu kulinganisha na hata kuhesabu, kwa sababu unajua unatafuta nini.

Upofu wake wa kwanza unatajwa katika kila darasa: Ubudha. Zipo njia za Kibudha ambazo miungu si msingi wa wokovu wake, na Émile Durkheim alimpinga Tylor kwa hoja hiyo mwaka 1912. Spiro alijibu kwamba Wabudha wa kawaida huwa na viumbe wengi tu wa kuwaomba. Ni jibu zuri, lakini mimi nasumbuliwa zaidi na upofu wa pili, ambao uko karibu na nyumbani. Neno "kiroho" linadai kwamba dunia imegawanyika pande mbili, ya mwili na ya roho. Je, wale wazee wa Tukuyu wanaigawa hivyo? Kwao babu aliyezikwa bado ni babu. Anakasirika, anadai heshima yake, anaambiwa habari za nyumbani. Ni mzee wa ukoo aliyehama chumba. Ukimwita "kiumbe wa kiroho" umeshamtafsiri.

Chukua pia jina Kyala. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Tukuyu, miaka ya 1930, alieleza kwamba zamani Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale waliotambikiwa, kama Lwembe aliyetambikiwa Lubaga. Wamisionari walioingia mwaka 1891 walilichukua jina hilo kumwita Mungu wa Biblia. Jina ni lilelile, kiini kimehama. Fasili ya kiini huwa haina subira na vitu vinavyohama.

Kambi ya pili huanza kwingine. Kwa Milton Yinger, dini ni mfumo wa imani na matendo ambao kundi la watu hupambana nao na matatizo makuu ya maisha: kifo, mateso, dhuluma. Durkheim mara nyingi huwekwa humu, kwa kuwa alisema dini huwaunganisha watu kuwa jumuiya moja ya kimaadili. Lakini msomeni vizuri. Fasili yake inaanza na vitu vitakatifu, vilivyotengwa na kukatazwa, na hicho ni kiini. Ana mguu mmoja kila upande, na wanaomweka upande mmoja tu hupoteza alama kwenye mtihani wangu.

Nguvu ya fasili ya kazi utaiona ukipanda gari kwenda Kalenga. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa pale. Wageni wengi wakilifikia hupunguza sauti. Huhitaji kuwauliza kama wanaamini roho ya Mtwa imo mle. Fasili ya kazi inakuuliza swali lenye faida zaidi: hapa watu wanakuwa nani, na nani anakuwa mwenzao? Imefungua macho mengi. Inatuonesha pia siku ya pili ya ule msiba ilifanya nini: ilimpa marehemu nafasi mpya, ikawapatanisha ndugu waliokuwa hawasemezani.

Hatari yake ni kwamba wavu huu unavua hadi mawe. Mbio za Mwenge wa Uhuru zina mwali unaoheshimiwa, zina safari ya kila mwaka na ujumbe wake, na zina mkesha, neno lilelile la kanisani. Je, Mwenge ni dini? Na Simba na Yanga? Thomas Luckmann, mwaka 1967, aliipanua dini kiasi kwamba ni vigumu kumpata binadamu asiye nayo. Peter Berger, aliyeandika naye kitabu mwaka mmoja kabla, hakumfuata huko, na mwaka 1974 aliitetea fasili ya kiini. Mimi niko na Berger. Neno linaloshika kila kitu halishiki chochote.

Kuna kosa jingine lililojificha zaidi. Ukisema dini ni kile kinachounganisha, halafu ukatangaza umegundua kwamba dini huunganisha, umezunguka nyumba na kurudi mlangoni. Wakati huohuo ukoo mzima unaweza kugawanyika kwa sababu binti aliyeokoka amekataa kukaa kwenye tambiko la baba yake. Huo mgawanyiko ni wa kidini, na fasili ya muungano inaukosa.

Serikali imelikwepa suala hili kwa ustadi. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na inapofika kwenye maana ya neno lenyewe inasema tu kwamba ni pamoja na madhehebu. Sensa nayo haijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967.

Ushauri wangu wa kazi: anza na kiini ili ujue unachotazama, kisha tumia kazi kama maswali, si kama fasili. Kwa semina ya Alhamisi, kila mmoja alete tukio moja aliloshuhudia mwenyewe, msiba, harusi au mkesha, lililoelezwa kwa nusu ukurasa. Usitumie neno "dini" wala "mila" popote. Wenzako ndio watakaoamua waliweke wapi, na watakueleza kwa nini.