Foleni ya Bombani: Kuanzia wa Kwanza Hadi wa Kumi

Somo la Hisabati, Darasa la Pili. Vipindi viwili mfululizo, cha kwanza uwanjani na cha pili darasani.

Vifaa: ndoo kumi ndogo au makopo, jiwe moja kubwa la kuwa "bomba", na chaki. Nakala za karatasi hazihitajiki, zoezi linaandikwa ubaoni.

Kabla ya kutoka

Andika ubaoni, watoto wasome kwa sauti: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Wapo watakaosema "wa moja" na "wa mbili". Usiwagombeze. Rudia mbili za mwanzo mara kadhaa, kwa sababu kuanzia wa tatu wanatumia namba wanazozijua tayari.

Mchezo

Watoto kumi wapange foleni mbele ya jiwe, kila mmoja na ndoo yake. Waliobaki wasimame pembeni, wao ndio waamuzi. Kila aliye kwenye foleni ataje nafasi yake: "Mimi ni wa kwanza!" "Mimi ni wa pili!" mpaka mwisho. Halafu waamuzi waulizane: "Rehema ni wa ngapi?" "Nani wa tisa?"

Wakishazoea, toa amri.

"Wa tatu, chuchumaa!"
"Watatu wa mbele, chuchumaeni!"

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine. Amri ya kwanza inamhusu mtoto mmoja tu, ya pili inahusu watatu. Mara ya kwanza nusu ya foleni itachuchumaa ovyo na waamuzi watapiga kelele. Waache wabishane kidogo, kisha uliza: "Nimemwita mmoja au nimewaita wengi?" Badilisha namba, changanya amri, ongeza kasi. Anayekosea anabadilishana nafasi na mwamuzi.

Sasa bomba litoe maji. Wa kwanza anajaza ndoo na kuondoka, wote wanasogea. Uliza: "Aliyekuwa wa tano sasa ni wa ngapi?" Wa nne. Mrudishe aliyeondoka, kisha mwambie mwamuzi mmoja achomekee mbele ya wa tano. Foleni nzima italalamika, na ndivyo tunavyotaka: wa tano amekuwa wa sita, na wa kumi amesukumwa nje ya hesabu yetu. Mchomekaji arudishwe pembeni kwa makofi.

Mwisho, hamisha jiwe upande wa nyuma, watoto wageuke. Wa kumi amekuwa wa kwanza bila kupiga hatua. Nani hajabadilika? Hayupo. Hata wa tano sasa ni wa sita. Wasisitizie kwamba nafasi inategemea tunaanza kuhesabu wapi.

Zoezi (wanafunzi waandike majibu kwenye daftari)

Foleni ya bombani, kuanzia mbele: Asha, Juma, Neema, Baraka, Zuhura, Musa, Rehema, Hamisi, Pendo, Salehe.

(Jina la Tatu nimelikwepa makusudi. Kama darasani kwako yupo, mfanye mwamuzi mkuu.)

1. Nani ni wa kwanza? Nani ni wa kumi?
2. Musa ni wa ngapi?
3. Nani yuko kati ya wa pili na wa nne?
4. Asha amejaza ndoo na kuondoka. Sasa Baraka ni wa ngapi?
5. Asha amerudi mahali pake. Foleni imegeuka, Salehe yuko mbele. Hamisi ni wa ngapi?
6. Chagua neno sahihi: kiti (cha, la) pili, darasa (ya, la) tatu, nyumba (ya, cha) tano, mwezi (wa, la) tisa.
7. Mwezi wa tano unaitwaje? Oktoba ni mwezi wa ngapi?
8. Chora visanduku kumi kwa mstari. Kisanduku cha nne kipake rangi nyekundu. Visanduku viwili vya mwisho vipake bluu.
9. Marais wa Tanzania kwa mfuatano: Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia. Mkapa alikuwa rais wa ngapi? Rais wa sita ni nani?

Majibu ya mwalimu

1. Asha, Salehe. 2. Wa sita. 3. Neema. 4. Wa tatu. 5. Wa tatu. 6. cha, la, ya, wa. 7. Mei; wa kumi. 8. Nyekundu iwe moja tu. Aliyepaka visanduku vinne vyekundu amesikia "vinne" badala ya "cha nne", mrudishe kwenye mchezo wa kuchuchumaa. Bluu ni cha tisa na cha kumi. 9. Wa tatu; Samia.