Slaidi za enzaimu ulizokosa Alhamisi

Kaka nimeona meseji yako. Usizikariri hizo slaidi, soma hapa taratibu alafu kesho tuchore pamoja hosteli.

Slaidi ya 6, ule mstari unaopanda kwa kasi alafu unalala. Chini ni kiasi cha sabstreti, yaani kile kitu enzaimu inachokigeuza, [S], pembeni ni kasi, v. Sasa fikiria yule jamaa wa roleksi, zile chapati za mayai, pale Wandegeya. Asubuhi wateja wawili tu, akija wa tatu kazi inaongezeka, lakini saa mbili usiku foleni imefika barabarani, hata waje kumi zaidi mikono yake ni ileile na kikaango ni kilekile. Hiyo ndiyo Vmax, kasi ya juu kabisa, enzaimu zote zimeshikwa. Michaelis na Menten waliiandika 1913:

```
v = Vmax[S] / (Km + [S])
```

Km ndipo wengi tunaanguka. Km si kasi! Ni kiasi cha sabstreti, unashika nusu ya Vmax pembeni, unaenda mpaka ukutane na mstari, unashuka chini, hapo unasoma Km. Tuseme Vmax ni 100 na Km ni 5 mM: ukiweka 5 unapata 50, ukiweka 20 unapata 80, kufika 90 lazima uweke 45. Umeona inavyokuwa ngumu huko juu? Ndio maana mstari unaikaribia 100 bila kuigusa.

Slaidi ya 9, kizuizi shindani. Huyu anakaa palepale sabstreti inapotaka kukaa, kama mtu amesimama mbele ya kibanda anapiga stori na hanunui. Wateja wakiwa wengi sana wanamsukuma pembeni, kwa hiyo Vmax inabaki 100, ila unahitaji sabstreti nyingi zaidi kufika nusu, Km inapanda, labda 10, na mstari unasogea kulia. Hii si ya mtihani tu. Pombe ya waragi yenye metanoli iliua watu wengi Kabale 2010, na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupewa etanoli sababu inagombea enzaimu ileile ya ini, basi metanoli haigeuzwi haraka kuwa asidi ya fomiki inayoharibu macho.

Slaidi ya 11, kizuizi kisicho shindani, anashika mahali pengine kabisa kwenye enzaimu, iwe na sabstreti au haina. Ni kama vibanda viwili, kimoja kimezimwa jiko. Foleni ndefu haitaliwasha, Vmax inashuka mpaka 50, lakini kile kilichobaki kinafanya kazi kama zamani, Km inabaki 5. Nusu mpya sasa ni 25, isome hapo, usiisome kwenye 50 ya zamani.

Ile grafu ya mistari iliyonyooka, 1/v pembeni na 1/[S] chini, ni rahisi: shindani mistari inakutana kwenye mhimili wa wima, kisicho shindani inakutana kwenye mhimili wa chini, upande wa kushoto wa sifuri.

Chora ya 9 na ya 11 kwenye karatasi moja kwa kalamu mbili, nitaziangalia kesho.