Cheti cha Bibi

Cheti kilipitishwa kati ya nondo kikiwa kimekunjwa mara nne. Ilikuwa saa saba na robo usiku, na famasi ile ya Magomeni Mapipa ikifika saa nne huteremsha geti na kuhudumia kupitia dirisha dogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dokta. Nipe zote zilizoandikwa hapo."

Ayubu alikifungua chini ya taa. Diazepamu miligramu 5, kidonge 1 usiku, na mwisho wa mstari, 100/7. Tarakimu ya juu huhesabu siku za kutumia dawa. 7 ya chini ni alama tu, ya kuonyesha kwamba zinahesabiwa siku, si wiki wala miezi. 10/7 ni siku kumi. 100/7 haiandikwi na daktari yeyote kwa dawa ya usingizi, maana dawa za kundi hili hutolewa kwa siku chache, wiki mbili, nne zikizidi, kwa kuwa mwili huzizoea upesi na kuziacha huwa kazi. Tena sifuri ya pili ilikuwa ya wino wa bluu, imebanwa hadi ikaugusa mshazari, wakati maandishi mengine yote yalikuwa meusi. Mhuri wa kituo cha afya ulikuwa wa kweli, na saini pia. Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu iliyopita. Mgonjwa: mwanamke, miaka 74.

Angeweza kusema dawa imekwisha. Wauza dawa wengi hutokea mlango huo, kwa kuwa hauleti ugomvi. Lakini anayeambiwa dawa imekwisha anakwenda duka la pili, na kutoka Mapipa hadi Usalama taa za famasi ni nyingi.

"Mgonjwa ni nani yako, mama?"

"Mama yangu mzazi. Halali kabisa."

"Ana pumu au shida yoyote ya kupumua? Presha?"

"Presha anayo."

"Presha anatumia dawa gani?"

Mama akazitaja mbili, na akazitaja sawasawa, kama mtu aliyezipanga kwenye kisahani kila asubuhi. Ayubu akauliza kama bibi amekuwa akimeza diazepamu kila siku tangu tarehe ile. Hilo swali halikuwa la kupoteza muda. Aliyeizoea kwa miezi akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege. Mtu wa namna hiyo harudishwi nyumbani mikono mitupu, anapelekwa hospitali apunguziwe polepole. Kukataa nako kuna namna ya kukosea.

"Hapana. Alizimeza kidogo tu. Alikuwa hazipendi, zilimlegeza miguu."

Ayubu akalisikia lile *alikuwa*. Akamtazama vizuri. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, kanga begani, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Hakuwa ameuliza bei. Usiku wa manane watu huuliza bei hata ya panadol, kisha wanaomba wapunguziwe.

"Mama, dawa hii ninayo," akasema. "Siwezi kukuuzia. Cheti kimeongezwa namba, na hata kisingeongezwa, ni cha zamani. Lakini usiondoke. Sijakufukuza, nataka tuongee."

"Nipe basi hata nusu."

"Hata kimoja, mama."

Akataja dawa nyingine. Akataja ya tatu, inayouzwa bila cheti. Ayubu akakataa zote, kwa sauti ileile. Ukishaingiwa na shaka ya namna hii hubadilishi kopo. Unasimamisha mauzo yote kwa mtu huyo, hata ya dawa ya mafua.

Kwenye simu yake kulikuwa na kundi la wauza dawa wa mitaa ile, ambalo hutumiana habari za vyeti vya kughushi. Kidole kilikwenda pale kikarudi. Kumtangaza mama wa watu, sura na kanga yake, kwa watu arubaini ambao kesho watampita sokoni, ni kuitoa siri ya mgonjwa. Alimwita mlinzi, akamwambia afungue mlango wa pembeni na alete benchi lake.

Wakakaa ndani, upande huu wa kaunta. Funguo ya kabati la dawa zinazodhibitiwa ilikuwa mfukoni kwa Ayubu, na kabati lenyewe limefungwa; huo ndio utaratibu wa kila usiku, na usiku huo ulikuwa na maana zaidi. Akampa maji ya chupa, akavuta kiti akakaa pembeni yake.

"Bibi yuko wapi, mama?"

"Tumemzika. Arubaini yake ilikuwa Ijumaa."

"Pole sana. Mungu ampe kauli thabiti."

"Amina."

Ndipo ikatoka, vipande vipande. Mikopo ya kausha damu, mitatu, mmoja wa kulipia mwingine, yote kwa ajili ya matibabu. Marejesho ya kila siku. Waliokuja kuchukua friji walikuja na matanga hayajaanuliwa. Ayubu hakusema kwamba mambo yatakuwa sawa. Hakumwambia awafikirie watoto pia. Mtu aliyefika hapo ameshawafikiria sana, na mara nyingi anaamini watapumua akiondoka. Alisikiliza mpaka maneno yalipopungua, halafu akauliza lile swali ambalo wengi hulikwepa wakidhani litamtia mtu wazo. Halimtii. Wazo lilikuwa pale kabla ya muuzaji.

"Mama, nikuulize wazi. Hizi dawa, ulitaka ujiue?"

Alikaa kimya muda mrefu. Bodaboda ikapita nje.

"Nimechoka, mwanangu."

"Ni ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ahsante kwa kuniambia. Usiku huu umeshameza chochote? Dawa, pombe, sumu, chochote?"

"Bado."

Akalirudia kwa njia nyingine, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua kama mtu anakimbizwa hospitali dakika hiyohiyo: alikula nini jioni, saa ngapi, anahisi kizunguzungu, usingizi, kichefuchefu? Macho yalikuwa mekundu ya kulia, si mazito. Sauti haikuburuza maneno. Alikuwa ameingia kwa hatua zilizonyooka.

"Na kwenye mkoba?"

Mama akaukumbatia zaidi. "Utaniitia polisi?"

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo hata kama namba ya kifungu hawaijui. Ndiyo maana wengi hawasemi.

"Hujafanya kitu, mama. Una mawazo mazito, na mawazo si kesi. Mimi nataka daktari, sitaki polisi."

Ukafunguliwa. Kulikuwa na karatasi za vidonge kutoka maduka manne, kila moja imekatwa kwa mkasi, nyingine hazina hata jina wala tarehe ya kuisha. Kila duka lilikuwa limeuza kidogo, likaona kidogo hakina neno, na cheti halikudai. Ayubu hakuzishika kwanza.

"Naomba uniachie hizi. Sitakurudishia pesa wala sitaziuza. Zinakwenda kuteketezwa."

Akaziweka kaunta mwenyewe. Ilibidi aziweke mwenyewe. Kunyang'anya kungevunja kila kilichokwisha jengwa katika nusu saa ile. Zikahesabiwa mbele yake, zikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikagundishwa, wakaweka saini wote wawili. Dawa iliyotoka mikononi mwa mtu hairudi rafuni hata ikiwa pakiti yake nzima, maana hakuna ajuaye ilihifadhiwa wapi. Bahasha ikaingia kwenye boksi la zisizofaa, linalosubiri kuharibiwa kwa utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

"Nani wa kwako anayeweza kuja sasa hivi? Asiwe wa kukugombeza."

"Mdogo wangu, Mwanaidi. Yuko Kigogo."

"Unampigia, au nimpigie?"

Alipiga mwenyewe, akashindwa kusema, akampa simu. Ayubu akasema machache: yeye ni mfamasia wa Mapipa, dada yako yuko salama, yuko hapa na mimi, anakuhitaji, njoo na bajaji, mtakwenda hospitali. Zaidi ya hapo hakusema. Mengine ni ya mwenyewe kuyasema au kuyaacha.

Wakati wa kusubiri walikuja wateja wawili dirishani. Mmoja alitaka chumvichumvi ya kuharisha kwa mtoto. Akahudumiwa, akaelekezwa lita 1 ya maji safi kwa pakiti na zinki kwa siku 10, huku mlinzi amekaa na mama. Kumwacha peke yake, hata kwa kwenda msalani, hakukuwa sehemu ya mpango. Mwingine alitaka dawa ya meno, akaambiwa asubiri kidogo, akasonya.

Barua ya rufaa ilikuwa mistari sita. Saa aliyofika. Alichoomba, na kwamba hakuuziwa. Kwamba amekiri nia ya kujiua na ana mpango. Kwamba amekana kumeza chochote, na hana dalili za kulewa dawa hadi saa 8:05. Majina na idadi ya vidonge alivyokabidhi. Namba ya simu ya famasi. Daktari wa zamu pale Mwananyamala, akiipata karatasi hiyo, hana haja ya kumfanya mama aanze upya hadithi mbele ya foleni. Kile cheti cha bibi kikachorwa mstari na kuandikwa *hakikutolewa*, tarehe, saini, kikabaki faili.

Mwanaidi alifika na khanga juu ya gauni la kulalia. Hakugomba. Alimshika dada yake kichwa, akakiweka kifuani. Ayubu alimvuta pembeni kabla hawajapanda.

"Asilale peke yake usiku huu wala kesho. Wakimruhusu, umkabidhiwe wewe. Na dawa za marehemu bado ziko nyumbani?"

"Mfuko mzima. Hatukuwa na moyo wa kuutupa."

"Usiutupe jalalani, watoto wataokota. Atangulie hospitali na wewe, umtume mwanao auchukue mfuko sasa hivi, kabla dada hajarudi ule mji."

Bajaji ilipoondoka alifungua daftari la dawa zinazodhibitiwa, akahesabu diazepamu, salio likalingana na la saa mbili usiku, akaandika chini yake: *ombi limekataliwa, rufaa imeandikwa.* Halafu akayapigia simu maduka mawili ya jirani yanayokesha. Hakutaja jina. Aliwaambia tu kwamba usiku huu diazepamu bila cheti kisafi isitoke, na kwamba kuna duka kati yao linazikata kwa mkasi.

"Si sisi," akasema wa kwanza.

"Sijasema ni ninyi. Angalieni mkasi wenu."

Saa moja asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu, alimpigia Mwanaidi. Dada amelazwa kwa uangalizi, ataonwa na watu wa afya ya akili. Mfuko wa bibi umeshachukuliwa. Una dawa za presha, za maumivu, na chupa moja isiyo na karatasi.

"Hiyo isiyo na karatasi usiifungue. Ulete wote kama ulivyo. Nikiwa sipo, mkabidhi mfamasia wa mchana, nitakuwa nimemwachia maelezo."

"Na hao wa kausha damu? Wamesema leo saa nne wanakuja."

"Wana mkataba wa maandishi?"

"Upo."

"Piga picha kila ukurasa. Dada asiongee nao, wala wasiambiwe alipo. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa saa mbili, kabla yao, uulize kama wana leseni."