Andalio la Somo: Upatanisho wa Kisarufi

Somo: Kiswahili. Darasa la Sita, wanafunzi 62. Jumanne, 12 Mei 2026, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Rungwe, Mbeya.

Lengo: Mwanafunzi aandike sentensi tano zenye upatanisho sahihi, umoja na wingi.

Zana: Kadi 11 kwa kila kundi, zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni: mgomba, mkungu, kiazi, kikapu, parachichi, jembe, ndizi, mvua, mwalimu, kiongozi, kifaranga. Chaki.

Utangulizi (dakika 10)
Wiki iliyopita waliimba A-WA, U-I, LI-YA vizuri sana, kisha kwenye insha wakaniandikia "viazi zangu" na "kitabu yangu". Kwa hiyo leo hakuna kuimba. Niandike "Viazi zangu zimeoza" ubaoni, niwaache waisome wenyewe. Wanaojua Kinyakyusa niwaulize wingi wa umundu, yaani mtu. Wakijibu abandu, wataona kwamba ngeli si jambo geni kwao.

Kupanga kadi (dakika 20)
Makundi kumi. Kila kundi lichore safu tano kwenye dawati: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI. Wengi wataweka kifaranga na kiongozi kwenye KI-VI. Nisiwasahihishe. Niwaambie kila neno walitungie kitenzi. Wakisikia "kifaranga kimekufa" na "kifaranga amekufa", wahamishe kadi wenyewe na waseme kwa nini.

Kutoka neno hadi sentensi (dakika 20)
Waongeze neno moja moja: kiazi, kiazi changu, kiazi changu kikubwa, kiazi changu kikubwa kimeoza. Kisha wingi: viazi vyangu vikubwa vimeoza.

Baada ya hapo, ndizi. Hapa nisikimbie. "Ndizi yangu kubwa imeiva", "Ndizi zangu kubwa zimeiva". Ndizi haikubadilika, kubwa haikubadilika. Wapigie mstari sehemu zinazotuonyesha kuwa ni nyingi: *zangu*, *zimeiva*. Ndipo tulinganishe na "Parachichi langu kubwa limeiva", "Maparachichi yangu makubwa yameiva".

Kuna atakayesema nyumbani wanasema "parachichi zimeiva". Ni kweli, hata mimi nikiwa gulioni husema hivyo. Nisimcheke, nimwambie kwenye daftari tunaandika yameiva.

Kuandika (dakika 25)
Kila mmoja peke yake, kadi zikiwa zimekusanywa. Sentensi tano kuhusu shamba la kwao au siku ya gulio Kiwira, mbili ziwe za wingi, na kila sentensi iwe na kivumishi. Nianze kupita madawati ya nyuma, maana ya mbele huwa nayamaliza na kengele inalia.

Tathmini (dakika 5)
Wabadilishane madaftari, kila mmoja apige mstari chini ya kiambishi cha kitenzi kwenye sentensi za mwenzake. Muda ukiisha, nikusanye madaftari hivyo hivyo.

Kazi ya nyumbani: Wageuze kwa wingi "Mkungu wetu mrefu umeanguka" na "Kiongozi wetu mpya amefika".